Korosho za Temeke, ankara ya Dubai: jinsi bei ya mauzo kwa mnunuzi ndugu inavyokaguliwa

Dar es Salaam

Kontena linapotoka katika ghala la Chang'ombe au Mbagala, wilayani Temeke, na kupita Kurasini kuelekea bandarini, bei iliyoandikwa kwenye ankara yake ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya kodi ambayo Serikali itapata kutokana na shehena hiyo. Iwapo mnunuzi wa ng'ambo hana uhusiano wowote na muuzaji, kwa kawaida soko lenyewe hulinda bei hiyo, kwa kuwa muuzaji hutaka kupata zaidi na mnunuzi hutaka kulipa kidogo. Iwapo mnunuzi ni kampuni mama, kampuni tanzu au kampuni dada ya muuzaji, mvutano huo hautokei. Pande mbili za mezani ni za mwenye mali mmoja, na bei yaweza kupangwa pale ambapo faida itatozwa kodi ndogo zaidi.

Bei inayopangwa kati ya wahusika wa aina hiyo huitwa bei hamishi. Kuwa nayo si kosa. Kampuni nyingi halali huuziana bidhaa ndani ya kundi moja, na sheria haizikatazi. Sheria inataka bei hiyo ilingane na ile ambayo watu wasiohusiana wangekubaliana katika mazingira yale yale, na pia inataka muuzaji awe na nyaraka za kuthibitisha hivyo. Makala haya yanaeleza namna maafisa wa kodi wanavyopima mauzo ya nje kwa mnunuzi ndugu, na ni nyaraka zipi zinazosimama na zipi zinazoanguka.

Sheria inasemaje

Msingi wa yote ni kifungu cha 33 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Kifungu hicho kinawataka watu wenye uhusiano kugawana mapato na gharama kama ambavyo wangegawana watu wasiohusiana, na kinampa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mamlaka ya kufanya marekebisho pale ambapo hawakufanya hivyo. Uhusiano unaozungumzwa hauhitaji umiliki wa asilimia mia moja. Mtu anayedhibiti, au anayeweza kunufaika na, asilimia 50 au zaidi ya mapato, mtaji au kura za kampuni anahesabiwa kuwa na uhusiano nayo. Vilevile anahesabiwa yule ambaye kampuni inatarajiwa kutenda kwa kufuata matakwa yake.

Utekelezaji wake umefafanuliwa katika Kanuni za Bei Hamishi za mwaka 2018, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 2014. Kanuni hizo zinamtaka mlipakodi awe ameandaa nyaraka za bei hamishi kabla ya tarehe ya kuwasilisha ritani ya mwaka. Kwa kampuni ambayo mwaka wake wa hesabu unaisha tarehe 31 Desemba, ritani hutakiwa ndani ya miezi sita, yaani hadi tarehe 30 Juni. Iwapo miamala na wahusika wenye uhusiano imefikia shilingi bilioni 10 kwa mwaka, nyaraka huwasilishwa pamoja na ritani. Iwapo haijafikia kiasi hicho, nyaraka hubaki kwa mlipakodi, lakini Kamishna akiziomba zinatakiwa kufika ndani ya siku 30.

Wafanyabiashara wengi wa kati hujikwaa hapa. Husikia kiwango cha bilioni 10 na kudhani kuwa aliye chini yake hahusiki. Ukweli ni kwamba kiwango hicho kinaamua tu ni lini nyaraka zinawasilishwa. Wajibu wa kuziandaa kwa wakati haubadiliki, na adhabu ya kutokuwa nazo ipo hata kama bei yenyewe ilikuwa sahihi.

Mfano wa kiwanda cha kubangua korosho

Ili hatua za ukaguzi zieleweke, tuchukue mfano wa kufikirika wa kampuni yenye kiwanda na ghala wilayani Temeke na ofisi ya uhasibu Mikocheni, wilayani Kinondoni. Kampuni hununua korosho ghafi kutoka mikoa ya kusini, huzibangua, huzipanga kwa madaraja na kuzisafirisha nje. Daraja kuu ni W320, yaani korosho nyeupe nzima ambazo idadi yake ni kama 300 hadi 320 kwa ratili moja. Korosho hufungashwa katika maboksi ya ratili 50, sawa na kilo 22.68, na kontena la futi 20 hubeba maboksi 700 hivi, karibu tani 16.

Katika mwaka unaokaguliwa, kampuni iliuza tani 500 kwa kampuni dada iliyosajiliwa Dubai. Bei ilikuwa dola 5.40 kwa kilo, bidhaa ikikabidhiwa melini Dar es Salaam, na malipo yalikuwa baada ya siku 120. Mwaka huo huo iliuza tani 120 kwa mnunuzi wa Uholanzi asiye na uhusiano nayo, kwa dola 6.60 kwa kilo. Katika mauzo haya muuzaji alilipa nauli ya meli na bima hadi Rotterdam, na malipo yalikuwa ndani ya siku 30.

Mauzo kwa kampuni dada yalikuwa na thamani ya dola milioni 2.7. Tukichukua, kwa ajili ya mfano huu, kuwa dola moja ni shilingi 2,500, hizo ni shilingi bilioni 6.75. Kampuni iko chini ya kiwango cha bilioni 10, hivyo haikuwasilisha nyaraka pamoja na ritani. Ilipopokea barua ya ukaguzi ilikuwa na siku 30 za kuzitoa.

Hatua ya kwanza: kulinganisha vinavyolingana

Mtu anayetazama haraka ataona dola 6.60 upande mmoja na dola 5.40 upande mwingine, na kusema kuwa kampuni imepunguza bei kwa dola 1.20 kwa kila kilo. Mkaguzi makini hafanyi hivyo, kwa sababu masharti ya mauzo hayo mawili hayafanani. Kila tofauti inayoathiri bei hutafutiwa thamani yake na kuondolewa kabla ya kulinganisha.

Tofauti ya kwanza ni nauli na bima. Bei ya Uholanzi inazibeba, ilhali ile ya Dubai haizibebi. Ankara za wakala wa meli na hati za bima zikionyesha kuwa gharama hizo ni senti 20 kwa kilo, bei ya Uholanzi kwa msingi wa makabidhiano ya Dar es Salaam inakuwa dola 6.40.

Tofauti ya pili ni wingi wa bidhaa. Anayenunua tani 500 hutarajia punguzo ambalo mnunuzi wa tani 120 halipati. Hoja hiyo ni ya haki, lakini inahitaji ushahidi. Katika mfano huu kampuni ilionyesha mkataba wa mwaka uliotangulia ambamo mnunuzi mwingine asiye na uhusiano alipewa punguzo la senti 10 kwa kilo kwa kuagiza shehena kubwa. Punguzo hilo likakubaliwa, na bei ikashuka hadi dola 6.30.

Tofauti ya tatu ni muda wa malipo, na wengi huikosea mwelekeo wake. Kampuni ilidai kwamba masharti tofauti ya malipo nayo yanahalalisha bei ya chini. Hali ni kinyume chake. Anayelipa baada ya siku 120 badala ya 30 amekopeshwa mali kwa siku 90 zaidi, na mtu asiye na uhusiano angemtoza gharama ya mkopo huo. Kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, siku 90 za mkopo wa dola 6.30 zina thamani ya takriban senti 12. Bei inayolingana kwa hiyo inapanda hadi dola 6.42.

Baada ya marekebisho hayo matatu, pengo ni dola 1.02 kwa kilo. Limepungua kidogo kuliko lile la mwanzo, lakini sasa kila senti yake ina hati inayoieleza.

Hatua ya pili: kuuliza ni korosho zipi

Kabla ya kuzidisha dola 1.02 kwa tani 500, mkaguzi anatakiwa kuhakikisha kuwa tani zote 500 zilikuwa za daraja la W320. Ankara za mauzo kwenda Dubai ziliandika maneno "korosho zilizobanguliwa" bila kutaja daraja, zikiwa na bei moja kwa zote. Uandishi wa namna hiyo ni dalili ya hatari. Mnunuzi asiye na uhusiano asingekubali ankara isiyotaja daraja, kwa kuwa tofauti ya bei kati ya korosho nzima na zilizovunjika ni kubwa.

Jibu lilipatikana nje ya vitabu vya uhasibu. Kumbukumbu za kiwanda za upangaji wa madaraja, orodha za ufungashaji na vyeti vya ubora vilivyoambatana na shehena vilionyesha kuwa tani 400 zilikuwa W320, na tani 100 zilikuwa vipande. Kampuni ilikuwa imeuza vipande vya aina hiyo kwa wanunuzi wasiohusiana kwa bei ya dola 5.30 kwa masharti yanayokaribiana. Kwa tani hizo 100, bei ya dola 5.40 ilikuwa na uthibitisho, na haikuguswa.

Marekebisho yakabaki kwa tani 400, yaani kilo 400,000 zikizidishwa kwa dola 1.02. Jumla ni dola 408,000, sawa na shilingi bilioni 1.02 kwa kiwango cha mfano wetu. Kodi ya makampuni ya asilimia 30 juu ya kiasi hicho ni shilingi milioni 306. Kama mkaguzi angeruka hatua hii na kutumia tani zote 500, angedai shilingi milioni 382.5, na kampuni ingekuwa na haki ya kulalamika.

Hatua ya tatu: nani anafanya kazi na nani anabeba hatari

Kampuni ilikuwa na utetezi mwingine. Ilisema kuwa kampuni dada ya Dubai si mnunuzi wa kawaida, bali hutafuta wateja wa Ulaya, hubeba hatari ya bei kushuka na hulipia utangazaji. Hivyo ni halali ibaki na sehemu ya faida. Hoja hiyo, ikiwa ya kweli, ina uzito mkubwa. Kampuni inayofanya kazi ya kweli ya kutafuta soko inastahili ujira wake.

Mkaguzi huipima hoja hii kwa kuangalia mambo yaliyotendeka, kwa kuwa mkataba pekee hautoshi. Hati za shehena zilionyesha kuwa makontena hayakufika Dubai. Yalitoka Dar es Salaam yakielekea Rotterdam, na ankara pekee ndizo zilizopita Dubai. Barua pepe za maagizo zilionyesha kuwa meneja mauzo aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyejadiliana na wateja wa Ulaya kuhusu daraja, bei na tarehe. Kampuni ya Dubai ilikuwa na mfanyakazi mmoja aliyetayarisha ankara. Shehena moja ilipokataliwa kwa unyevu, fidia ililipwa na kampuni ya Temeke. Kwa maneno mengine, kazi zote zilifanyika Tanzania na hasara ilibaki Tanzania. Kilichohamia Dubai ni faida tu.

Ushahidi uliokamilisha picha ni ankara za mauzo ya pili, yaani zile ambazo kampuni ya Dubai iliwapa wateja wa Ulaya. Zilionyesha kuwa W320 ziliuzwa tena kwa dola 6.75 zikiwa zimefikishwa Rotterdam, mara nyingi kwa tarehe ile ile ya ankara ya kwanza. Ukiondoa senti 20 za nauli na bima, kampuni ya Dubai ilibaki na dola 1.15 kwa kila kilo kwa kazi ya kuandika karatasi.

Ifahamike kwamba Falme za Kiarabu hazikuwa na kodi ya jumla ya mapato ya makampuni hadi zilipoanzisha kiwango cha asilimia 9 kwa miaka ya hesabu iliyoanza tarehe 1 Juni 2023 na kuendelea. Tofauti kati ya viwango hivyo na asilimia 30 ya Tanzania haithibitishi kosa lolote. Humweleza mkaguzi tu mahali ambapo kishawishi kipo.

Kwa nini jalada la nyaraka lilianguka

Kampuni ilitoa jalada nene la nyaraka za bei hamishi. Lilieleza muundo wa kundi la kampuni, hali ya soko la korosho duniani na njia ya kukokotoa bei iliyochaguliwa, kama kanuni zinavyotaka. Njia yenyewe ilikuwa ya gharama pamoja na faida. Gharama ya kuzalisha kilo moja ilikuwa dola 5.14, na ikiongezwa faida ya asilimia 5 inafikia dola 5.40. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini jalada halikusimama, kwa sababu tatu.

Kwanza, lilipuuza ushahidi bora uliokuwa mikononi mwa kampuni. Njia zinazotambuliwa ni kadhaa, na huchaguliwa ile inayofaa zaidi kwa muamala. Muuzaji mwenye mauzo ya bidhaa ile ile kwa mnunuzi asiye na uhusiano ana kipimo cha moja kwa moja cha bei ya soko. Kuacha kipimo hicho na kwenda kutafuta wastani wa faida wa kampuni za nchi nyingine kunahitaji sababu, na jalada halikutoa sababu hiyo. Mauzo ya Uholanzi hayakutajwa hata mara moja.

Pili, asilimia 5 ilichukuliwa kwa kampuni ambazo hazifanani na ile ya Temeke. Kampuni zilizolinganishwa zilikuwa wabanguaji wa kulipwa ujira, ambao hupokea korosho ghafi za mtu mwingine, huzibangua na kuzirudisha. Hawanunui mali ghafi, hawakopi benki kwa ajili ya msimu, wala hawapati hasara bei ikianguka. Kampuni ya Temeke hufanya yote hayo. Anayebeba hatari kubwa zaidi hawezi kuridhika na faida ya yule asiyebeba hatari.

Tatu, jalada liliandaliwa baada ya barua ya ukaguzi. Tarehe za kompyuta za faili lenyewe zilionyesha hivyo, na takwimu za soko zilizotumika zilichapishwa baada ya ritani kuwasilishwa. Nyaraka zinatakiwa kueleza jinsi bei ilivyopangwa wakati wa kuipanga. Jalada linaloandikwa baadaye huwa ni utetezi wa bei iliyokwisha kupangwa kwa sababu nyingine.

Kesi za majirani na fundisho lake

Ukanda huu una kesi ya mahakamani inayoonyesha upande wa pili wa jambo hili. Kampuni ya Unilever Kenya ilikuwa na mkataba wa Agosti 1995 wa kutengeneza bidhaa na kuiuzia Unilever Uganda, kampuni ya kundi moja. Mamlaka ya kodi ya Kenya ilibaini kuwa bei kwa Unilever Uganda ilikuwa chini ya ile ya soko la Kenya na pia chini ya ile ya mauzo ya nje kwa wateja wasiohusiana, ikatoa makadirio ya kodi kwa miaka ya 1995 na 1996.

Mahakama Kuu ya Kenya, katika hukumu ya Oktoba 2005, iliipa kampuni ushindi. Wakati huo Kenya haikuwa na kanuni za kueleza namna ya kukokotoa bei hamishi. Mahakama ilikubali kuwa kampuni ilikuwa na haki ya kufuata mwongozo wa kimataifa wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) na kutumia njia ya gharama pamoja na faida, na kwamba kuziweka bei mbili kando kwa kando bila kuzingatia tofauti za biashara hakutoshi. Mwaka uliofuata, 2006, Kenya ilitunga kanuni zake.

Nchini Zambia matokeo yalikuwa tofauti. Kampuni ya madini ya shaba ya Mopani iliuza shaba kwa Glencore International AG ya Uswisi, kampuni ya kundi moja. Mamlaka ya Mapato ya Zambia ilidai kwamba katika miaka kati ya 2006 na 2009 bei hiyo ilikuwa chini ya ile waliyotozwa wanunuzi wasiohusiana. Mwezi Mei 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliunga mkono mamlaka, na kodi iliyohusika ilikuwa takriban kwacha milioni 240. Mahakama ilisisitiza kuwa mlipakodi ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha kwamba bei yake ililingana na ya soko.

Kesi hizi mbili hazipingani. Ya Kenya inamkumbusha mkaguzi kuwa bei ya chini pekee si ushahidi kamili, na kwamba tofauti za masharti, kazi na hatari ni lazima zihesabiwe. Ya Zambia inamkumbusha mlipakodi kuwa maelezo bila nyaraka hayamsaidii. Tanzania ina kanuni zake tayari, na chini ya Sheria ya Rufaa za Kodi mzigo wa kuthibitisha kuwa makadirio ni makubwa kupita kiasi uko kwa mlipakodi.

Mlipakodi asipokubali

Mlipakodi asiyeridhika ana siku 30 tangu kupokea makadirio kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Ili pingamizi lipokelewe, hutakiwa kulipa kiasi cha kodi asichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Katika mfano wetu, theluthi ya shilingi milioni 306 ni shilingi milioni 102. Asiporidhika na uamuzi wa pingamizi, anaweza kwenda Bodi ya Rufaa za Kodi, kisha Baraza la Rufaa za Kodi, na hatimaye Mahakama ya Rufani kwa masuala ya kisheria.

Kuna hasara nyingine ambayo kampuni huisahau. Faida ya dola 408,000 iliyorekebishwa Tanzania imekwisha kuhesabiwa pia katika vitabu vya kampuni dada, hivyo yaweza kutozwa kodi mara mbili. Pale ambapo nchi ya mnunuzi ina mkataba na Tanzania wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, kama ilivyo kwa India, Afrika Kusini na Zambia, mlipakodi anaweza kuziomba mamlaka za nchi mbili zizungumze. Pasipo mkataba unaotumika, mzigo huo hubaki ndani ya kundi la kampuni.

Jalada linalosimama

Kwa mfanyabiashara mwenye mnunuzi ndugu nje ya nchi, kinachotofautisha jalada linalosimama na linaloanguka ni kumbukumbu za kila siku zaidi ya wingi wa kurasa. Mkataba uwe umesainiwa kabla ya shehena kuondoka, na utaje daraja, wingi, mahali pa makabidhiano na muda wa malipo. Siku bei inapokubaliwa, ihifadhiwe nukuu ya soko ya siku hiyo pamoja na mauzo ya karibu kwa mtu asiye na uhusiano. Kila punguzo linalotolewa mwishoni mwa mwaka liwe na sababu ya kibiashara iliyoandikwa wakati huo, kwa kuwa hati za punguzo za mwezi Desemba zinazoifuta faida yote ya mwaka ni miongoni mwa vitu vya kwanza vinavyoangaliwa. Ankara za mauzo ya pili za kampuni dada nazo zipatikane, maana zitaombwa.

Kumbukumbu hizo zinatakiwa kutunzwa kwa miaka mitano. Katika mfano wetu, vyeti vya ubora na orodha za ufungashaji zilizokuwa ghalani Temeke ndizo zilizoiokoa kampuni na kodi ya shilingi milioni 76.5 juu ya tani 100 za vipande. Jalada la kurasa nyingi lililoandikwa Mikocheni baada ya barua ya ukaguzi halikuiokoa hata shilingi moja.